Mpini Haukutambulishii Tezo

Nimetumiwa tena picha ya meza ya vyuma vikuukuu sokoni na swali lile lile: "Fundi, hili ni shoka au jembe dogo?" Si shoka wala jembe, ni tezo. Na kila ninapojibu hivyo, muulizaji hunibishia kwa hoja moja: mpini. Eti mpini mfupi wenye kichwa kinene ni wa shoka.

Jamani, mpini ni kijiti tu. Ukivunjika leo, kesho fundi anachonga mwingine apendavyo. Isitoshe, tezo na mashoka mengi yanayofuliwa na wahunzi wetu yana mkia uliochongoka unaopigiliwa kwenye tundu la kichwa cha mpini. Ukiugonga ukatoka, ukazungusha chuma robo mzunguko na kukirudisha, makali yaliyokuwa yamefuatana na mpini sasa yanaukingama. Mpini ni ule ule, kazi nyingine. Muuzaji anayepanga bidhaa zake haraka hukirudisha vyovyote, kisha wewe unaapa kwa picha!

Tazama makali. Shoka la kawaida hunolewa pande zote mbili, makali yakawa katikati ya unene wa chuma. Tezo hunolewa upande mmoja, kwa kawaida ule unaotazama mpini, na mgongo wake ukabaki laini ili uteleze juu ya mbao. Katika picha niliyotumiwa, ukanda mwembamba unaong'aa ulioachwa na kunoa upo ndani tu, mgongoni kuna kutu tupu. Jembe nalo ni bati jembamba lisilo na ukanda huo, na pembe zake zimeliwa na udongo zikawa duara. Pembe za tezo hii bado ni kali.

Mikono miwili nayo inawapoteza watu. Kando ya tezo palikuwa na kifaa chenye mikono kushoto na kulia, na muulizaji akakiita kisu cha kubandua magome. Kisu hicho huwa na makali marefu yanayotoka mkono hadi mkono. Hiki kina kisu kifupi kilichobanwa katikati na kauso kafupi chini yake: ni randa ya mikono miwili, ya kulainishia mipini na miguu ya viti. Randa ya kawaida haiwezi kufuata mapindo ya mipini na miguu hiyo, kwa sababu uso wake wa chini ni mrefu na umenyooka.

Basi, kabla ya kutuma pesa, mwombe muuzaji picha ya ubavuni, ya makali yakielekea kamera, na ya tumboni kwa randa. Aweke kiberiti kando, vinginevyo hutajua ukubwa. Randa yenye mdomo mtupu usiinunue kwa bei ya randa kamili, maana huenda kisu cha kuenea hapo usikipate. Kutu ya juu hung'oka. Mashimo ya kutu kwenye makali, achana nayo. Ufa kwenye uso wa chini wa randa ya chuma, ondoka.