Picha ya Kijivu kwa Wino Mweusi Peke Yake

Huenda mmepata kuona picha ya wanafunzi waliosimama chini ya mwembe, nayo ikatoka katika karatasi nyuso zote zikiwa doa jeusi. Mashine haikuharibika. Ina wino mweusi tu, wala haijui kijivu: kila kitone ama hutiwa wino, ama huachwa cheupe.

Weusi kabisa tuuite 0, na weupe kabisa 255. Uso ulio kivulini una kama 80. Tukiweka mpaka mmoja wa 128, na kila kilicho chini yake kiwe cheusi, uso wote hupotea. Basi tuchukue vitone vinne, viwili juu na viwili chini, kila kimoja 80, tuone dawa mbili.

Ya kwanza aliieleza Bryce Bayer mwaka 1973. Kila kitone hupewa mpaka wake:

```
 32  160
224   96
```

80 inazidi 32 tu; kwa hiyo kitone cha kwanza ni cheupe na vitatu ni vyeusi. Jicho likiwa mbali huvichanganya na kuona kijivu. Lakini vitone vinne vina hatua tano tu za kijivu, na jedwali likirudiwa picha nzima, mistari ya mirabaraba huonekana.

Ya pili ni ya Robert Floyd na Louis Steinberg, ya mwaka 1976. Mpaka ni 128 kwa wote, lakini kosa halitupwi. Hugawiwa majirani ambao zamu yao haijafika. Wa kulia hupata 7/16, wa chini kushoto 3/16, wa chini 5/16, na wa chini kulia 1/16.

Kitone cha kwanza, 80, kinakuwa cheusi. Tumepoteza 80. Wa kulia anaongezewa 35, awe 115. Wa chini 25, awe 105. Wa pembeni 5, awe 85. Fungu la kushoto, 15, limeangukia nje ya picha. Cha pili, 115, nacho ni cheusi. Kinampa wa chini kushoto 22, na wa chini yake 36. Cha tatu sasa ni 127: cheusi, kwa kukosa moja tu! Kinampa jirani wa kulia 56. Cha nne kimefika 85 + 36 + 56, yaani 177. Hicho ni cheupe. Deni limelipwa kupita kiasi, na upungufu wa 78 unapelekwa mbele.

Njia hii huhifadhi sura vizuri zaidi, ila lazima ifuate zamu, na mahali pa rangi moja vitone huweza kujipanga kama nyayo za funza. Ukiona mirabaraba, ni jedwali. Ukiona funza, ni deni lililogawiwa.