Kingamwili 4: Ana Kinga au Hana?

Tuseme muuguzi wa Mombasa amepata kazi Uingereza, na mwajiri anataka uthibitisho kwamba ana kinga ya homa ya ini B. Kadi yake imekamilika: dozi tatu, alizochomwa chuoni miaka tisa iliyopita. Anatolewa damu, na majibu yanasomeka anti-HBs 4 mIU/mL. Kiwango kinachohesabiwa kuwa kinga huanzia 10.

Hapo wengi hudhani chanjo imeisha nguvu. Si lazima iwe hivyo. Kipimo hiki huhesabu kingamwili zilizomo kwenye damu siku ile tu, nazo hupungua kadiri miaka inavyopita. Hakioni chembe za kumbukumbu, ambazo zikikutana na kirusi hutengeneza kingamwili upya. Tena kirusi hiki hakina pupa: dalili huchukua wiki kadhaa, hata miezi, kujitokeza, kwa hiyo chembe hizo hupata nafasi ya kujipanga. Ndiyo maana mtu mwenye afya njema aliyewahi kufikisha 10 baada ya kumaliza dozi zake huhesabiwa analindwa, hata leo akisoma 4.

Lakini je, muuguzi huyu aliwahi kufikisha 10? Hakuna ajuaye. Alipaswa kupimwa mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya tatu, na hakupimwa. Kwa mhudumu wa afya, hicho ndicho kipimo chenye thamani kubwa zaidi, na ndicho kinachorukwa mara nyingi.

Kuna jambo jingine linalopaswa kuulizwa kwanza. Mtu anayeishi na kirusi kwa muda mrefu kwa kawaida hana anti-HBs, hata achanjwe mara ngapi. Kwa hiyo damu yake hupimwa pia HBsAg, inayoonyesha kama kirusi kimo mwilini sasa, na anti-HBc, inayoonyesha kama kimewahi kuingia. Chanjo haileti anti-HBc.

Vyote viwili vikiwa hasi, anachomwa dozi moja, kisha anapimwa tena baada ya mwezi mmoja au miwili. Ikiruka hadi 600, kumbukumbu ilikuwapo muda wote. Ikibaki chini ya 10, anaongezewa dozi mbili kukamilisha awamu ya pili, halafu anapimwa tena.

Uingereza, hata hivyo, hupendelea 100 kwa wahudumu wa afya. Anayepata 47 huko huongezewa dozi moja, ilhali Marekani angeruhusiwa kuendelea na kazi.

Wapo wachache ambao hata baada ya dozi sita hawafikishi 10. Umri mkubwa, uvutaji sigara, unene na VVU huongeza uwezekano huo. Mtu wa namna hiyo hazuiwi kufanya kazi. Ila akichomwa na sindano iliyotumika kwa mgonjwa mwenye kirusi, hapaswi kutegemea kadi yake: anahitaji kingamwili zilizo tayari, ziitwazo HBIG, ikiwezekana ndani ya saa 24.