Alama 91 na Miezi Isiyojumlika

Tangazo linamtaka meneja wa maghala mwenye uzoefu wa miaka 10, mitano kati yake akiwa msimamizi. Maombi yamefungwa tarehe 31 Machi 2024, programu ya kuchuja imeyapitia yote, na juu kabisa ya orodha upo wasifu uliopewa alama 91 kwa 100. Afisa rasilimali watu amechoka, bosi anataka majina matano kabla ya Ijumaa, na kishawishi cha kumpangia huyu usaili bila kumsoma tena ni kikubwa.

Wasifu wenyewe nimeutunga kwa ajili ya makala haya, ila aliyewahi kukaa na rundo la maombi atautambua. Ukianzia juu, mwombaji anasema yeye ni meneja wa ghala la vinywaji Mwanza, "2021 – sasa". Kabla ya hapo alikuwa msimamizi wa ugavi katika kiwanda cha mafuta ya alizeti Singida, Machi 2018 hadi Desemba 2021. Chini yake, mshauri wa ugavi wa shirika lisilo la kiserikali, "2017 – 2020". Chini zaidi, karani wa stoo Dodoma, Januari 2016 hadi Februari 2018. Mwisho kabisa, shahada ya ununuzi na ugavi, 2014 hadi 2017.

Alama 91 imetoka wapi? Programu nyingi za aina hii hufanya mambo mawili. Hulinganisha maneno ya tangazo na maneno ya wasifu: ghala, ugavi, hesabu ya mali, usimamizi. Kisha husoma tarehe na kuhesabu uzoefu. Kwenye maneno mwombaji wetu yuko vizuri kweli. Tatizo liko kwenye hesabu, kwa sababu programu ikichukua kila kazi peke yake na kujumlisha, inapata miezi 39 ya Mwanza, 46 ya Singida, 48 ya ushauri na 26 ya stoo. Jumla ni miezi 159, yaani miaka 13 na miezi mitatu. Sharti la miaka 10 limevukwa kwa kishindo.

Sasa chukua kalamu. Tangu Januari 2016 hadi Machi 2024, kalenda ya ukutani ina miezi 99 tu, sawa na miaka minane na miezi mitatu. Hata angefanya kazi kila siku bila likizo, hakuna namna ya kupata miaka 13 humo ndani. Miezi 60 imehesabiwa mara mbili. Hiki ndicho kipimo cha kwanza, na hakihitaji utaalamu wowote: hesabu miezi kuanzia kazi ya kwanza hadi leo, kisha uone kama uzoefu uliodaiwa unaenea humo. Usipoenea, alama usiitumie kwanza.

Kabla ya kumshuku mtu, ishuku programu. Wasifu wenye safu mbili, tarehe kushoto na maelezo kulia, huweza kusomwa kwa mkato wa mstari mzima, na tarehe za kazi moja zikaangukia kazi nyingine. Nakili maandishi yote, yabandike mahali pasipo mapambo, uone yanavyofuatana. Hapo ndipo utaona kile ambacho programu imekisoma. Angalia pia tarehe za tarakimu. Kwetu 03/04/2019 ni tarehe 3 Aprili, lakini programu iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani huisoma kuwa tarehe 4 Machi. Mwezi mmoja si kitu, ila 02/11 ikigeuka kuwa Februari badala ya Novemba, umeongeza au umepoteza miezi tisa ya mtu. Halafu kuna neno "sasa". Programu hulipa tarehe ya leo. Kama wasifu uliandikwa mwaka juzi na haujaguswa tangu hapo, "sasa" yake imeshapita, na mtu anaweza kuwa aliacha kazi hiyo zamani.

Katika wasifu wetu tarehe zimesomwa sawasawa, kwa hiyo tunarudi kwa mwombaji. Zipange kazi kuanzia ya zamani hadi ya karibuni, si kama alivyoziorodhesha yeye, na kila kazi uichoree mstari kwenye karatasi yenye miezi juu. Mara moja utaona mistari inavyolaliana. Utaona pia kwamba mistari miwili haina ncha za kweli, kwa sababu imeandikwa kwa miaka mitupu. "2017 – 2020" inaweza kuwa Januari 2017 hadi Desemba 2020, miezi 48. Inaweza pia kuwa Desemba 2017 hadi Januari 2020, miezi 26. Vivyo hivyo, "2021 – sasa" ni miezi 39 kama alianza Januari, au 28 kama alianza Desemba. Katika hali hiyo programu haina budi kukisia, na iliyochukua Januari na Desemba imempa kila kazi urefu wa juu kabisa.

Kulaliana kwa kazi si kosa kwa yenyewe. Daktari wa hospitali ya wilaya anaweza kuwa na zamu za jioni kliniki binafsi. Mtu aliyepandishwa cheo huandika mistari miwili ndani ya kampuni ileile. Aliyeacha kazi akiwa na siku za likizo huweza kuanza kwingine huku jina lake bado liko kwenye orodha ya mishahara ya zamani, na kwa kuwa sheria ya Tanzania inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, kuingiliana kwa mwezi mmoja au miwili ni jambo la kawaida sana. Mimi singepoteza muda hapo. Kinachonishtua ni kazi mbili za kutwa, mikoa miwili, kwa miezi mingi. Kama kweli alianza Mwanza Januari 2021, basi kwa mwaka mzima alikuwa anasimamia ghala kando ya Ziwa Viktoria na kiwanda kilichoko Singida.

Jibu liko kwa mwombaji mwenyewe, na linapatikana kwa simu ya dakika kumi. Jambo la kuzingatia ni kuwauliza wote waliofika hatua hiyo, si huyu peke yake, na kuuliza swali lililo wazi.

"Dada, habari za kazi? Napanga tarehe za waombaji wote. Kazi ya Mwanza ulianza mwezi gani?"

"Novemba, dada. Singida niliondoka Oktoba, ila likizo yangu iliishia Desemba, ndiyo maana nimeandika hivyo."

"Sawa. Na huu ushauri, ulikuwa wa kutwa?"

"Hapana, ulikuwa wa Jumamosi zaidi. Kama siku sita kwa mwezi. Nilianza Juni 2017, tukamaliza Agosti 2020."

"Na stoo ya Dodoma? Naona ulikuwa bado chuoni."

"Ile stoo ni ya mjomba. Nilikuwa naisaidia wakati wa likizo, mpaka nilipomaliza chuo Julai 2017. Baada ya hapo ndiyo nikawa pale kila siku."

Hakuna uongo hapa. Kuna mtu aliyeandika wasifu kama wengi wanavyoandika, akikipa kila kitu nafasi yake kubwa. Lakini hesabu imebadilika kabisa. Kazi ya kutwa inaanza Agosti 2017, na kutoka hapo hadi Machi 2024 ni miezi 80, yaani miaka sita na miezi minane. Ushauri uliokuwa miezi 48 kwenye programu ni miezi 39 ya siku sita sita, jumla siku 234. Ukigawa kwa siku 22 za kazi kwa mwezi unapata kama miezi 11 ya kazi ya kutwa, nayo karibu yote iko ndani ya kipindi ambacho tayari kimeshahesabiwa. Unaongeza ujuzi wake, hauongezi muda. Upande wa usimamizi amesimama imara, kwa kuwa tangu Machi 2018 hajashuka: miezi 73, zaidi ya miaka sita. Kwa hiyo sharti la mitano analo, la 10 hana.

Mfuatano wa kazi nao una maswali yake. Karani wa stoo anayekuwa mshauri mwaka uleule ni wa kuulizwa, kama tulivyofanya, na mara nyingi jibu ni kwamba "mshauri" ni jina kubwa la kibarua kidogo. Zaidi ya vyeo, soma vitu vilivyotajwa ndani ya kila kazi na ujiulize kama vilikuwepo wakati huo. Anayedai kuendesha zabuni za serikali kupitia NeST mwaka 2019 ana jambo la kueleza, kwani mfumo huo umeanza kutumika 2023. Anayesema alishughulikia michango ya PSSSF mwaka 2016 anataja mfuko uliozaliwa 2018 kwa kuunganisha mifuko mingine. Huko Kenya, ofisa wa serikali ya kaunti wa mwaka 2011 hawezi kuwepo. Kaunti zilianza kazi 2013. Wakati mwingine ni jina jipya tu lililopachikwa kwenye kazi ya zamani. Wakati mwingine kazi nzima imesogezwa nyuma ili kuziba pengo.

Baada ya simu hutafutwa karatasi. Mwaka 2017 serikali ya Tanzania ilitaja watumishi 9,932 waliokuwa na vyeti vya kughushi, na iliwezekana kwa sababu vyeti vya shule vina Baraza la Mitihani lenye kumbukumbu zake. Tarehe za kazi hazina baraza. Kilicho karibu zaidi ni cheti cha utumishi, ambacho sheria ya ajira ya Tanzania inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi ajira inapokoma. Ya Kenya, katika kifungu cha 51, inataja hata kinachopaswa kuwemo: tarehe ya kuanza, tarehe ya kuacha, aina ya kazi na mahali pake. Taarifa ya michango ya NSSF nayo husaidia, kwa sababu huonyesha mwajiri na mwezi. Aiombe na kuileta mwombaji mwenyewe. Ni taarifa yake binafsi. Na usiisome kama msahafu. Waajiri wanaochelewesha michango wapo, wasiopeleka kabisa wapo, na mwezi usioonekana humo si ushahidi kwamba mtu hakuwa kazini.

Ukipiga simu kwa mwajiri wa zamani, zungumza na anayeshika orodha ya mishahara kuliko rafiki aliyeandikwa kama mdhamini, na uliza "alianza lini, akaacha lini?" Ukimsomea tarehe na kuuliza kama ni kweli, atasema ndiyo ili arudi kwenye shughuli zake. Mwajiri wa sasa usimguse bila ruhusa ya mwombaji. Unaweza kumharibia ugali.

Kuna wasifu mwingine kwenye orodha hiyohiyo, wa alama 64. Kazi tatu, zote zina mwezi wa kuanza na wa kumaliza, hakuna zinazolaliana, na katikati kuna pengo la miezi 14 ambalo mwenyewe ameandika alikuwa akimuuguza mama. Ukitoa pengo hilo, zinabaki miaka 11 na miezi miwili ya kazi ya kutwa, sita ya usimamizi. Programu imemkata kwa pengo na kwa kutotumia maneno ya tangazo: yeye ameandika "bohari" kila mahali, si "ghala". Simu ya pili ya asubuhi hiyo ipigwe kwake, na swali liwe lilelile la miezi.