Utumbo Nje ya Tumbo kwa Watoto Wachanga: Ugunduzi Kabla ya Kuzaliwa Huokoa Saa za Safari Kutoka Lushoto

LUSHOTO, TANGA

Mtoto anapozaliwa utumbo wake ukiwa nje ya tumbo, saa chache za mwanzo ndizo zinazoamua uhai wake. Kwa familia zinazoishi katika Milima ya Usambara jambo hilo lina uzito wa pekee. Mji wa Lushoto uko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya kushuka hadi Mombo, yenye urefu wa takribani kilomita 33, ina kona nyingi kando ya mabonde. Mombo ndipo gari linaposhika barabara kuu ya kuelekea Moshi, iliko Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya KCMC, au Dar es Salaam, iliko Hospitali ya Taifa Muhimbili. Upasuaji wa watoto wachanga wenye hali hiyo hufanyika katika hospitali za ngazi hiyo.

Hali hiyo iko ya aina mbili, na kuzitofautisha ni hatua ya kwanza ya tiba. Ya kwanza huitwa gastroskisisi. Katika aina hii ukuta wa tumbo huwa na tundu dogo pembeni mwa kitovu, kwa kawaida upande wa kulia, na utumbo hutoka bila kufunikwa na kitu chochote. Kwa kuwa umeelea katika maji ya chupa kwa miezi kadhaa, mara nyingi huwa umevimba na kuwa mgumu. Aina ya pili huitwa omfaloseli. Hapa tundu liko kwenye kitovu chenyewe, na viungo vilivyotoka, ambavyo wakati mwingine hujumuisha ini, huwa ndani ya utando mwembamba ambao kitovu huungana nao.

Gastroskisisi huonekana zaidi kwa watoto wa mama wenye umri chini ya miaka 20, na mara nyingi mtoto hana kasoro nyingine kubwa nje ya utumbo. Omfaloseli huambatana mara nyingi na kasoro za moyo au za kromosomu, hivyo mtoto huyo hupimwa moyo kabla ya upasuaji. Hali zote mbili hutokea katika wiki za mwanzo za mimba, na si matokeo ya mama kufanya kazi nzito wala kukiuka miiko ya uzazi.

Hali hizi zinaweza kuonekana kabla ya mtoto kuzaliwa kwa kipimo cha ultrasaundi. Hata hivyo, muda wa kupima una maana yake. Kuanzia wiki ya 6 hivi ya ukuaji wake, utumbo wa kila mtoto hutoka kwa muda na kuingia kwenye kiungamwana, kisha hurudi tumboni. Kwa sababu hiyo, utumbo unaoonekana nje kabla ya wiki ya 12 ya mimba hauwezi peke yake kuthibitisha tatizo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mjamzito afanyiwe ultrasaundi angalau mara moja kabla ya wiki ya 24. Katika kipimo hicho mtaalamu hutazama mahali kiungamwana kinapoingia tumboni. Akiona vitanzi vya utumbo vikielea huru pembeni yake, hiyo ni dalili ya gastroskisisi. Akiona uvimbe wenye utando, na kiungamwana kikiwa juu yake, hiyo ni omfaloseli.

Faida ya ugunduzi huo ni kwamba safari hufanyika mtoto akiwa bado tumboni, mahali penye joto na usalama kuliko gari lolote. Mama anaweza kupewa rufaa mapema, akakaa karibu na hospitali yenye daktari bingwa wa upasuaji wa watoto na kujifungulia huko. Gastroskisisi peke yake hailazimu kujifungua kwa upasuaji. Omfaloseli kubwa yenye ini ndani yake ndiyo ambayo mara nyingi huwafanya madaktari kuchagua njia hiyo.

Ikiwa hali haikugunduliwa mapema, kazi ya kwanza huwa ya mkunga. Chukua mfano wa mtoto mwenye uzito wa kilo 2.2 anayezaliwa usiku wa Julai katika zahanati ya milimani, utumbo ukiwa nje bila utando. Mtoto huyu hupoteza joto na maji kwa kasi kupitia utumbo ulio wazi, na baridi ya Usambara huongeza hatari. Mkunga humkausha, kisha humwingiza katika mfuko safi wa plastiki unaofunika miguu na tumbo hadi kwapani. Shashi iliyolowanishwa haifai, kwa sababu hupoa na kumpoza mtoto. Hulazwa kwa ubavu wa kulia ili utumbo usijikunje na kukosa damu. Hawekwi titi wala kupewa chochote mdomoni; mpira hupitishwa puani hadi tumboni kutoa hewa na nyongo, na huanzishiwa dripu na dawa za kuua bakteria. Utumbo ukibadilika kutoka wekundu kuwa wa zambarau au mweusi, damu haifiki, na daktari anayempokea ajulishwe mara moja. Usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga huombwa kupitia mfumo wa m-mama kwa kupiga namba 115 bila malipo.

Hospitalini, daktari hujaribu kurudisha utumbo na kufunga tundu. Tumbo la mtoto aliyekua bila utumbo ndani huwa dogo, na kulazimisha kuna madhara: mtoto hupumua kwa shida, mkojo hupungua na miguu hubadilika rangi. Inapokuwa hivyo, utumbo huwekwa ndani ya mfuko maalumu usio na vijidudu, unaoning'inizwa juu ya tumbo na kukazwa kidogo kila siku. Utumbo hushuka wenyewe, kwa kawaida ndani ya siku 3 hadi 7, kisha tundu hufungwa. Pale mfuko wa kiwandani unapokosekana, madaktari katika nchi mbalimbali hushona mfuko wa aina hiyo kutokana na mfuko wa dripu uliosafishwa.

Kwa omfaloseli ndogo, tundu hufungwa kwa upasuaji mmoja. Ile kubwa haikimbiliwi kupasuliwa. Utando wake hupakwa dawa ya kuzuia maambukizi hadi ngozi iote juu yake, kazi inayochukua wiki au miezi, na ngiri inayobaki hurekebishwa mtoto akishakua. Utando ukiwa mzima, mtoto huyo anaweza kunyonya. Ukipasuka, huhudumiwa kwa dharura kama mwenye gastroskisisi.

Upasuaji si mwisho wa tiba. Utumbo wa gastroskisisi huchukua wiki kadhaa kuanza kazi, na wakati huo mtoto hulishwa kupitia mishipa huku maziwa ya mama yakianzishwa tone kwa tone. Upungufu wa lishe hiyo, pamoja na maambukizi na kuchelewa kufika, ndiyo chanzo cha vifo vingi. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la tiba la Lanseti ulionesha kuwa watoto 9 kati ya 10 wenye gastroskisisi katika nchi za kipato cha chini walifariki, ilhali katika nchi tajiri walifariki chini ya 2 katika kila 100.

Wajawazito wanashauriwa kuhudhuria kliniki mapema na kuuliza lini watafanyiwa ultrasaundi, ili ipatikane nafasi ya kupanga safari kabla ya wiki ya 24 kupita.