Amepona, Lakini Bakteria Hawajaondoka

Mwishoni mwa Oktoba 1937, madaktari wa Croydon, mji ulio kusini mwa London, walianza kuitwa nyumba hadi nyumba kuwaona wagonjwa wa aina moja. Homa ilipanda kidogo kidogo na haikushuka, kichwa kiliuma, tumbo lilivurugika, na mgonjwa alizidi kuchoka kila siku. Ilikuwa homa ya matumbo, ambayo wengi huiita taifodi. Watu hao walikuwa wakinywa maji ya bomba na vyoo vyao vilikuwa ndani ya nyumba. Hata hivyo, hesabu ilipofungwa, zaidi ya 300 walikuwa wameugua na 43 wamefariki.

Uchunguzi uliishia kwenye kisima kimoja kirefu cha Addington kilichokuwa kikilisha sehemu ya mji. Kwa kawaida maji yake yalichujwa na kutiwa klorini. Vuli ile mafundi walikuwa wakikikarabati kisima hicho, na kwa siku kadhaa maji yaliendelea kusukumwa majumbani ilhali uchujaji na utiaji klorini vimesitishwa. Miongoni mwa mafundi walioteremka humo alikuwamo mwanamume mmoja aliyewahi kuugua homa ya matumbo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Alipona, akarudi kazini, na miaka ikapita akiwa na nguvu zake zote. Alipopimwa choo, bakteria wa homa ya matumbo walikuwamo.

Yapata miaka 20 ilikuwa imepita tangu augue. Bakteria hao walikuwa wakiishi wapi muda wote huo, na kwa nini hawakumdhuru?

Jibu liko chini ya ini, katika kifuko kidogo cha nyongo. Bakteria wa homa ya matumbo, aina ya salmonela, huingia kwa kumezwa pamoja na maji au chakula. Hupenya ukuta wa utumbo mwembamba na kujificha ndani ya chembe za ulinzi, zile ambazo kazi yake ni kuwaua. Chembe hizo huwasafirisha hadi kwenye ini, wengu na uboho wa mifupa, ambako huongezeka, kisha humwagika kwenye damu. Hapo ndipo homa inapoanza. Kutoka kwenye ini hufuata njia ya nyongo na kufika kwenye kifuko chake.

Nyongo ni kali, na huua bakteria wengi. Salmonela hawa huivumilia. Kifuko kikiwa na mawe, yaani vile vijiwe vinavyojijenga nyongo inapoganda, bakteria hujibandika juu yake na kujitandia utando wa ute unaonata. Ndani ya utando huo, dawa na kingamwili za mwili huwafikia kwa shida. Mwaka 2010 watafiti walichapisha matokeo ya kuwachunguza wagonjwa wa mawe ya nyongo huko Mexico City. Takriban 5 katika kila 100 walikuwa na bakteria wa homa ya matumbo bila dalili yoyote ya homa hiyo, na darubini iliuonyesha utando wenyewe ukiwa umeyafunika mawe yao.

Kila mtu anapokula chakula chenye mafuta, kifuko hujikaza na kumimina nyongo kwenye utumbo. Bakteria waliobanduka kutoka kwenye utando huteremka nayo na kutoka na choo, pengine kwa mamilioni katika gramu moja. Mwenyewe hahisi kitu. Mwili wake umekwisha kuwazoea na damu yake haina homa. Madaktari humwita mbebaji wa kudumu iwapo bakteria wanaendelea kutoka zaidi ya miezi 12 baada ya kuugua. Kati ya watu 100 wanaopata homa ya matumbo, kama 2 hadi 5 huishia hivyo. Wanawake ni wengi kuliko wanaume na watu wazima ni wengi kuliko vijana, kwa kuwa mawe ya nyongo nayo huwapata zaidi watu hao. Wengine hawakumbuki kabisa kuwa waliwahi kuugua.

Idadi hiyo huonekana ndogo mpaka mtu akumbuke jambo moja: bakteria huyu huishi kwa binadamu peke yake. Salmonela nyingi za aina nyingine zina kuku, ng'ombe na wanyama wengine wa kuwahifadhi. Huyu hana. Kama kila mgonjwa angefariki au kutakasika kabisa ndani ya wiki chache, ugonjwa ungekosa pa kukaa katika mji mdogo na ungekwisha baada ya mlipuko mmoja. Mbebaji ndiye anayeuvusha kutoka mlipuko mmoja hadi mwingine, hata kwa miongo.

Anayejulikana kuliko wabebaji wote ni Mary Mallon, Mwairishi aliyezaliwa mwaka 1869 na kuhamia Marekani akiwa kijana. Alikuwa mpishi hodari, na familia za matajiri wa New York zilimlipa vizuri. Mwaka 1906 watu 6 kati ya 11 waliokuwa katika nyumba moja ya mapumziko huko Oyster Bay waliugua homa ya matumbo. Mhandisi wa usafi, George Soper, aliajiriwa kutafuta chanzo. Alikagua maji, maziwa na vyoo asipate kitu. Kisha akauliza kuhusu mpishi, akaambiwa aliyekuwapo aliingia wiki chache kabla ya ugonjwa na ameshaondoka. Soper alifuatilia kazi zake za nyuma kupitia wakala wa ajira, na karibu kila nyumba aliyoipata ilikuwa na wagonjwa. Walifika 22, na mmoja wao alikufa.

Soper alijiuliza ni chakula gani kilichobeba bakteria, kwa sababu moto wa jikoni huwaua. Akahisi ni aiskrimu yenye vipande vya matunda mabichi aina ya pichi, ambayo mpishi huyo alisifika kuitengeneza. Matunda yalikatwa kwa mikono na hayakupita motoni. Hapo ndipo ilipo hatari ya mbebaji jikoni: ugali na maharage yaliyochemka havina neno, lakini kachumbari, matunda yaliyomenywa, juisi na barafu hupokea kile kilichobaki kwenye vidole vyake.

Mary hakukubali, na si vigumu kumwelewa. Mwaka 1907 hakuna aliyewahi kumwambia kuwa mtu mzima wa afya anaweza kugawa ugonjwa. Robert Koch alikuwa amelieleza jambo hilo Ujerumani mwaka 1902, lakini habari hizo hazikuwa zimefika kwa wapishi. Alikamatwa na polisi, akapelekwa kisiwa cha North Brother na kuzuiliwa humo karibu miaka 3. Kati ya sampuli 163 za choo zilizochukuliwa kisiwani, 120 zilikuwa na bakteria na 43 hazikuwa nao. Naye alijipatia vipimo vya maabara binafsi vilivyoonyesha yu safi. Pande zote mbili zilikuwa na karatasi za kweli mkononi, kwa kuwa kifuko cha nyongo humwaga bakteria kwa vipindi, leo wengi na kesho hakuna.

Aliachiwa mwaka 1910 kwa ahadi ya kutopika tena. Kazi ya kufua nguo aliyopewa haikulipa kama upishi, na mwaka 1915 alikutwa akipika kwa jina lingine katika hospitali ya wanawake, ambako watu 25 waliugua na 2 wakafariki. Alirudishwa kisiwani na kubaki huko hadi alipofariki mwaka 1938. Kufikia wakati huo jiji lilikuwa na mamia ya wabebaji walioandikishwa, wakiishi majumbani mwao. Kumfungia mmoja tu maisha yake yote ilikuwa dhuluma, tena haikuumaliza ugonjwa, kwani wabebaji wenzake waliendelea kuwapo mjini.

Zile sampuli 43 zinahusu Afrika Mashariki ya leo. Katika miji mingi wahudumu wa chakula hutakiwa kupimwa choo kabla ya kupewa cheti. Kwa hesabu ya Mary, sampuli moja ingemkosa mara moja katika kila nne. Ili kumpata mbebaji inabidi choo kioteshwe maabara mara kadhaa, kwa siku tofauti. Kipimo cha damu cha Widali, kinachotumika sana katika zahanati, hakifai kwa kazi hii. Kinatafuta kingamwili, nazo huweza kubaki baada ya mtu kupona au kuchochewa na maambukizi mengine, kwa hiyo jibu lake halimtambulishi mbebaji.

Jijini Nairobi, timu ya Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya iliyoongozwa na Profesa Samuel Kariuki imefuatilia homa ya matumbo katika mitaa ya Mukuru kwa miaka mingi. Walipima watoto waliougua na pia watoto wazima. Walipolinganisha vinasaba, waliona kwamba bakteria waliokuwa kwa watoto wasio na dalili ni wa koo zilezile zilizokuwa zikiwaugua wenzao, zikiwamo zilizo sugu kwa dawa kadhaa. Mawe ya nyongo ni nadra kwa watoto, na ubebaji wao mara nyingi ni wa muda. Lakini pale ambapo familia nyingi hutumia choo kimoja, muda mfupi unatosha kuwafikia majirani.

Kuna njia nyingine ya ubebaji ambayo watu wa maeneo yenye kichocho wanapaswa kuijua. Salmonela huweza kujibandika kwenye minyoo ya kichocho cha kibofu na kutoka kwa mkojo. Mgonjwa wa aina hiyo hutibiwa kichocho pia, maana minyoo ikibaki bakteria nao hubaki.

Kwa mbebaji wa nyongo, tiba iliyozoeleka ni dawa ya siprofloksasini kwa wiki 4, iwapo bakteria wake bado wanasikia dawa hiyo. Mawe yakiwapo, dawa hushindwa mara nyingi, na daktari anaweza kushauri kifuko kiondolewe kwa upasuaji. Wengi hutakasika hivyo, ingawa baadhi hubaki na bakteria kwenye mirija ya nyongo au ini. Katika kipindi chote hicho mbebaji anaweza kuishi na watu wake, kulala nao na kula nao. Analotakiwa ni kunawa kwa sabuni kila atokapo chooni, na kuwaachia wengine maandalizi ya vyakula visivyopikwa.

Pale Croydon hakuna aliyejua kuwa fundi yule ni mbebaji, na klorini isingehitaji kujua. Ingewaua bakteria wake pamoja na wa mwingine yeyote. Chanjo nayo hufanya kazi hivyo kwa upande wa anayelindwa. Malawi ilianza kuwapa watoto chanjo mpya ya homa ya matumbo mwaka 2023, na Kenya ikafuata mwaka 2025. Haiwaondoi bakteria walio kwenye nyongo ya mbebaji. Inamkinga mtoto anayekula chakula alichoandaa.