Uzalishaji Ukishuka, Ajira Hupotea kwa Hesabu Gani?

Mdororo mkubwa wa uchumi wa Marekani ulianza Desemba 2007 na, kwa hesabu rasmi, ukaisha Juni 2009. Mwezi huo wa mwisho uzalishaji ulikuwa umegusa sakafu, na tangu hapo ukaanza kupanda tena. Ukosefu wa ajira haukufuata. Ulikuwa asilimia 5.0 mdororo ulipoanza na asilimia 9.5 ulipoisha, kisha ukazidi kupanda hadi asilimia 10.0 Oktoba 2009. Mtu aliyepoteza kazi Septemba mwaka ule, miezi mitatu baada ya mdororo "kuisha", alikuwa na haki ya kuuliza wachumi wanazungumzia nchi gani. Jibu lipo, na linaanza na jambo moja: ajira haiangalii tu kama uzalishaji unapanda au unashuka, bali kama unapanda kwa kasi inayotosha. Ili kuijua kasi hiyo, lazima kwanza ukadirie nchi ingezalisha kiasi gani kama soko lake la kazi lingekuwa katika hali ya kawaida. Ukosefu wa ajira unaobaki katika hali hiyo ya kawaida ndio wachumi wanaouita kiwango cha asili cha ukosefu wa ajira. Hoja yangu ni kwamba wazo lenyewe ni la kweli na lina manufaa, ila tarakimu inayotajwa kwa jina lake wakati wa mdororo haifai kuaminiwa kirahisi.

Aliyeunganisha uzalishaji na ajira kwa hesabu ni Arthur Okun, mchumi wa Chuo Kikuu cha Yale aliyefanya kazi na Baraza la Washauri wa Uchumi la Rais Kennedy. Katika andiko lake la mwaka 1962 alitaka kujua Marekani ilikuwa inapoteza mali kiasi gani kwa kuwa na ukosefu wa ajira ulio juu ya asilimia 4, kiwango ambacho wakati ule kilichukuliwa kuwa ndicho cha uchumi ulio na kazi za kutosha. Takwimu zilimwonyesha kwamba kila pointi moja ya ziada iliambatana na upungufu wa karibu asilimia 3 ya uzalishaji. Wachumi waliorudia kazi hiyo kwa takwimu za miaka ya baadaye wamepata uwiano ulio karibu zaidi na 2 kwa 1. Kwa vyovyote vile, uzalishaji huyumba zaidi kuliko ajira, na hilo ndilo linalohitaji maelezo. Oda zinapopungua kiwandani, mwajiri hakimbilii kuachisha watu. Fundi aliyezoea mashine zake ni ghali kumpata tena, kwa hiyo anabakizwa hata kama hana kazi ya kujaza siku, na tija ya kila mfanyakazi inashuka. Kabla ya kumwachisha, mwajiri hukata saa za ziada, kisha hupunguza zamu. Na wale wanaoachishwa si wote wanaohesabiwa kuwa hawana ajira, kwa sababu hesabu hiyo humtaka mtu awe anatafuta kazi. Aliyekata tamaa, aliyerudi shuleni au aliyestaafu mapema anatoka kwenye nguvukazi na kutoweka kwenye takwimu. Hasara yote hiyo imo ndani ya uzalishaji uliopotea, lakini haionekani kwenye asilimia ya wasio na ajira.

Tuipime kanuni hiyo kwa mdororo wenyewe. Kuanzia mwisho wa 2007 hadi katikati ya 2009 pato halisi la Marekani lilishuka kwa karibu asilimia 4. Wengi huishia hapo na kugawanya kwa mbili, wakapata pointi 2, kisha wakashangaa mbona ukosefu wa ajira ulipanda kwa zaidi ya mara mbili ya hizo. Wanachosahau ni kwamba katika miezi hiyo 18 uchumi haukutakiwa kusimama mahali pamoja. Vijana waliendelea kuingia kwenye soko la kazi na mbinu za uzalishaji ziliendelea kuboreka, hivyo kwa mwendo wake wa kawaida, tuuchukulie kuwa asilimia 2.5 kwa mwaka, pato lingekuwa limekua kwa karibu asilimia 4. Pengo la kweli basi ni kama asilimia 8: nne zilizopotea na nne ambazo hazikupatikana. Gawanya kwa mbili, upate pointi 4, na ukosefu wa ajira unatoka asilimia 5 hadi 9. Takwimu ya Juni 2009 ilikuwa 9.5. Kwa kanuni iliyo rahisi namna hii, hayo ni makadirio mazuri, na hiyo nusu pointi iliyozidi ina maelezo yake. Safari ile waajiri wa Marekani walikata watu haraka kuliko desturi, na mwaka 2009 tija ilipanda badala ya kushuka.

Hapo fumbo la Oktoba 2009 linafumbuka. Ikiwa nguvukazi inaongezeka na kila mfanyakazi anazalisha zaidi kidogo kila mwaka, basi ukuaji wa asilimia 1 au hata 2 hautoshi kuwaajiri wote waliopo, na foleni ya wasio na kazi inazidi kurefuka huku wizara ya fedha ikitangaza kwamba uchumi unakua. Ukosefu wa ajira huanza kupungua pale tu ukuaji unapovuka ule mwendo wa kawaida, na hupungua haraka pale tu unapouvuka kwa mbali. Baada ya 2009 ukuaji wa Marekani ulikuwa wa taratibu. Ndiyo maana safari ya kurudi asilimia 5 ilichukua hadi mwishoni mwa 2015.

Inaweza kupingwa kwamba hii si kanuni bali ni wastani wa nchi moja, na pingamizi hilo lina uzito. Mwaka 2009 pato la Ujerumani lilishuka kwa zaidi ya asilimia 5, vibaya kuliko la Marekani, na ukosefu wa ajira haukusogea kwa kiasi cha kutajika. Serikali ililipa sehemu ya ujira uliopotea kwa wafanyakazi waliopunguziwa saa, na waajiri wengi wakatumia akiba ya saa za ziada ambazo wafanyakazi walikuwa wamejiwekea miaka ya neema. Uhispania ilikwenda upande wa pili kabisa. Karibu theluthi moja ya waajiriwa wake walikuwa na mikataba ya muda mfupi, ambayo mwajiri aliiacha iishe bila kulipa chochote cha maana, na ujenzi wa nyumba uliokuwa umewabeba vijana wengi ulianguka. Ukosefu wa ajira ukatoka asilimia 8 mwaka 2007 hadi asilimia 26 mwaka 2013. Ninachokiona katika mifano hii ni kwamba uwiano wa Okun hupima taasisi. Unatuambia nani anabebeshwa hasara ya mdororo: kampuni, hazina ya serikali, au mfanyakazi aliyeonyeshwa mlango.

Kwetu Afrika Mashariki hasara hiyo hupita njia nyingine. Sehemu kubwa ya watu hujiajiri shambani au kwenye biashara ndogo, na hakuna posho ya kumlisha mtu wakati anatafuta kazi. Muuza mitumba ambaye wateja wamempungukia bado yuko kibandani, na kwa ufafanuzi wa kimataifa saa moja ya kazi ya kipato kwa wiki inatosha kumhesabu kuwa ameajiriwa. Mwenye kutaka kuuona mdororo Dar es Salaam au Nairobi aangalie kipato na saa za kazi kabla ya kuangalia kiwango cha ukosefu wa ajira.

Turudi kwenye kiwango cha asili. Wazo hilo liliwekwa wazi na Milton Friedman katika hotuba yake kwa wachumi wenzake Desemba 1967, na Edmund Phelps alilifikia kwa njia yake katika kipindi hichohicho. Hata uchumi uliochangamka huwa na watu wasio na kazi, kwa sababu wengine wameacha kazi moja wakitafuta nyingine, na ujuzi wa wengine haulingani na nafasi zilizopo au nafasi ziko mji mwingine. Serikali ikijaribu kushusha ukosefu wa ajira chini ya kiwango hicho kwa kuchochea matumizi peke yake, waajiri watashindania watu wachache waliobaki, mishahara na bei vitapanda, na wafanyakazi wakishatarajia bei kupanda watadai zaidi, hadi mfumuko wa bei uzidi kuongezeka bila ajira ya kudumu kupatikana. Jina hili limewapotosha wengi kwa kuleta picha ya kitu kilichowekwa na maumbile. Friedman mwenyewe alisema kwamba kinatokana na sheria, desturi na muundo wa soko, na kwamba hubadilika. Si lengo la sera, wala hakuna anayedai kwamba watu wanaohesabiwa humo wanastahili kukosa kazi.

Tatizo ni kwamba hakuna dodoso linaloweza kukipima. Hukadiriwa kwa kuangalia nyuma: mfumuko wa bei ulitulia ukosefu wa ajira ukiwa wapi? Agosti 2010 Narayana Kocherlakota, rais wa tawi la Minneapolis la Benki Kuu ya Marekani, alidai kwamba sehemu kubwa ya ukosefu wa ajira wa wakati ule ilitokana na ujuzi usiolingana na nafasi, na kwamba benki kuu haikuwa na dawa yake. Dai kama hilo linaweza kupimwa. Kama waajiri kweli walikosa watu wenye ujuzi, mishahara ingepanda kwa kasi katika fani hizo, na wenye elimu fulani wangekuwa wanagombewa. Lakini mishahara ilidumaa karibu kila mahali, ukosefu wa ajira ulipanda kwa wasomi na wasio wasomi, na katikati ya 2009 kila nafasi iliyotangazwa ilikuwa na zaidi ya watu 6 wasio na kazi, kutoka chini ya 2 kabla ya mdororo. Watu hawakukosea mlango. Milango ilikuwa michache. Mwaka 2012 Kocherlakota alibadili msimamo hadharani, jambo la kumheshimu. Mwaka huohuo watunga sera wenzake walikadiria kiwango cha muda mrefu kuwa kati ya asilimia 5.2 na 6.0. Kufikia Septemba 2019 ukosefu wa ajira ulikuwa asilimia 3.5, na mfumuko wa bei bado ulikuwa chini ya lengo la asilimia 2.

Wapo watakaosema kwamba kosa huweza kuangukia upande wa pili pia, na ni kweli. Watunga sera wa Marekani waliingia miaka ya 1970 wakiamini kwamba asilimia 4 ingali inawezekana, na imani hiyo ilichangia mfumuko wa bei uliokuja kuvunjwa kwa mdororo mkali wa 1981 na 1982. Lakini katikati ya mdororo makosa huelemea upande mmoja, kwa sababu ya namna makadirio yanavyotengenezwa. Mbinu nyingi hulainisha takwimu za miaka iliyopita, kwa hiyo ukosefu wa ajira ukikaa juu kwa miaka, kadirio la "asili" hupanda nyuma yake. Sehemu ya kupanda huko inaweza kuwa ya kweli: Olivier Blanchard na Lawrence Summers walieleza mwaka 1986, wakiitazama Ulaya, jinsi mtu aliyekaa muda mrefu bila kazi anavyopoteza ujuzi na kuachwa nje ya soko. Sehemu nyingine ni kivuli cha mdororo wenyewe.

Uhispania ililipia kivuli hicho. Baada ya mgogoro, kadirio la Tume ya Ulaya la ukosefu wa ajira wa kimuundo nchini humo lilivuka asilimia 20. Kwa kuwa kanuni za bajeti za Ulaya za wakati ule ziliondoa athari za mdororo kabla ya kuamua nakisi ni kubwa kiasi gani, kadirio hilo lilifanya pengo la uzalishaji lionekane dogo na nakisi ionekane ya kudumu, na serikali ikatakiwa kubana matumizi katika nchi ambayo mtu mmoja kati ya wanne waliotaka kazi hakuwa nayo. Mwaka 2019 ukosefu wa ajira wa Uhispania ulikuwa karibu asilimia 14, na hakuna mlipuko wa mishahara wala bei uliokuwa umetokea njiani.