Deni Kongwe Si Lazima Lidaiwe Kwanza

Tuchukue mfano wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi jijini Mwanza. Wateja wanadaiwa shilingi milioni 40, benki zimo milioni 6 tu, na wauzaji wanaomkopesha mwenye duka wanamdai milioni 10. Ripoti ya umri wa madeni inawapanga wateja kwa safu nne: milioni 18 hazijapita siku 30, milioni 9 zina siku 31 hadi 60, milioni 8 zina 61 hadi 90, na milioni 5 zimevuka 90.

Jicho hukimbilia safu ya mwisho. Kabla ya kushika simu, isome ripoti mteja kwa mteja. Yumo mmoja mwenye milioni 2 zilizovuka siku 90, na kwenye safu ya kwanza ana hasi milioni 2. Huyo hadaiwi kitu: alilipa, pengine kwa simu, karani akaingiza fedha bila kuzioanisha na ankara. Ukimdai utamuudhi bure. Milioni 3 zilizobaki zimetawanyika kwa watu saba, wawili wao wameshafunga maduka. Zifuatiliwe, ila si asubuhi ya leo.

Simu ya kwanza ni ya mkandarasi. Milioni 8 zote za safu ya tatu ni zake, ankara moja, na wiki ijayo zinavuka siku 90. Ankara zake za baadaye amezilipa kwa wakati. Hiyo moja ndiyo anairuka. Aliyeishiwa halipi hivyo. Huyu ana lalamiko, labda bati zilifika zimepinda, na vikumbusho havitamtoa senti. Afuatwe na hati ya kupokelea mzigo aliyoisaini, zihesabiwe bati zenye kasoro, na sehemu isiyo na ubishi ailipe mara moja.

Kwenye kulipa, umri nao unaweza kupotosha. Muuzaji wa rangi anadai milioni 3 za siku 50, wa saruji milioni 7 za siku 35. Kwa ukongwe rangi ingetangulia, lakini mkopo wa rangi ni wa siku 60 na wa saruji ni wa siku 30. Saruji ndiyo iliyochelewa, siku 5 sasa, na lori lake lisipokuja wateja huhamia duka la jirani. Ndiyo maana ni heri ripoti ihesabu kuanzia siku ya mwisho ya kulipa, si tarehe ya ankara.

Kuna yasiyoonekana humo kabisa, kwa kuwa hayana ankara ya muuzaji: mishahara, na kodi ya ongezeko la thamani ambayo Tanzania hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ikiwa kodi hiyo ni milioni 1.5, inatengwa kwanza. Milioni 4.5 zinazobaki zinakwenda kwa muuzaji wa saruji, pamoja na ahadi ya tarehe kwa milioni 2.5 zilizosalia, tarehe itakayotegemea jibu la mkandarasi. Wa rangi bado ana siku 10 za kusubiri.